Katika hati ya makubaliano, gawaneni vifungu vya gharama, msigawane asilimia

Hati ya kwanza ya makubaliano niliyoiandika kwa ajili ya mafunzo ya pamoja ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu fedha: "Pande zote mbili zitachangia gharama nusu kwa nusu." Shirika letu lilikuwa na vikundi vya wafugaji nyuki vijijini, wenzetu walikuwa na wakufunzi, na mafunzo yalikuwa ya siku 3 kwa washiriki 40.

Alasiri ya siku ya mwisho washiriki walibaki vitini, mikoba magotini, wakisubiri nauli. Mratibu wa wenzetu alinitazama, nami nilikuwa nikimtazama yeye. Shilingi 12,000 kwa kila mshiriki, yaani 480,000 kwa wote, hazikuwamo katika bajeti ya upande wowote, kwa kuwa kila mmoja aliamini zimo katika nusu ya mwenzake.

Nauli tuliimaliza jioni ile, lakini suala la risiti lilituchukua miezi 2. Mama lishe alilipwa shilingi 1,800,000, nusu kutoka kwetu na nusu kutoka kwao, akatoa risiti moja ya EFD yenye jina la shirika letu. Mhasibu wao alipofanya marejesho ya masurufu, alikuwa na nakala tu ya risiti yenye jina la shirika jingine, na mkaguzi wao akaikataa. Nilimwelewa, kwa sababu wetu naye angeikataa.

Tangu hapo sikubali asilimia ndani ya hati. Kila kifungu cha gharama hubebwa kizima na upande mmoja, ambao humlipa mtoa huduma moja kwa moja na kudai risiti kwa jina lake: wao chakula na ukumbi, sisi nauli, posho za wawezeshaji na vitabu. Jumla zikitofautiana, vifungu ndivyo vinavyohamishwa mpaka mizani ikae sawa. Orodha hiyo huwekwa kwenye kiambatisho, na hati husema kwamba waratibu wawili wanaweza kukirekebisha kwa barua waliyoisaini wote, ili bei ya nauli ikipanda msilazimike kuwarudia wakurugenzi. Andikeni pia kikomo cha washiriki, na ni nani atakayewalipia watakaozidi. Wakija 46, wale 6 wanakula na kusafiri kama wengine.

Msijifariji kwamba "hati ya makubaliano" si mkataba. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinachotazamwa ni masharti mliyokubaliana, wala si kichwa cha habari. Kama mnataka sehemu ya ushirikiano isiwabane kisheria na sehemu ya fedha iwabane, semeni hivyo kwa maneno, kifungu kwa kifungu.

Rasimu yangu siku hizi huwafikia wahasibu wa pande zote mbili kabla ya kuwafikia wakurugenzi, na swali ninalowauliza ni moja: kwa kila mstari wa kiambatisho, risiti itaandikwa jina la nani?