Muziki wa huzuni uingie kwenye neno gani?

Mchezo wangu wa kwanza wa redio uliharibiwa na maneno matatu niliyoyaandika mwenyewe: "muziki wa huzuni". Niliyaweka kwenye mabano juu ya onesho, nikaona nimemaliza kazi. Siku ya kurekodi, kwenye studio ndogo huku Sinza, fundi mitambo alifanya kama nilivyomwandikia. Onesho likaanza na zeze linalia, wakati mhusika bado anacheka na shangazi yake wakisubiri pantoni. Msikilizaji akajua kuna msiba dakika nzima kabla ya mwenye msiba.

Nilipolalamika, yule fundi mzee alinigeuzia karatasi. "Binti, umeniandikia muziki gani. Hukuniandikia uingie kwenye neno gani."

Tangu hapo kila muziki na kila mlio ninaouandika unajibu maswali manne: unaanza baada ya neno gani, unaingiaje, unakaa juu au chini ya maneno, na unatokaje. Swali la mwisho ndilo tunalolisahau zaidi. Usipoandika muziki unatoka wapi, fundi atauacha uendelee mpaka atakapochoka, na wewe utakuwa mtu wa kwanza kumlaumu. Mambo ya desibeli mwachie yeye, kazi yako ni kutaja neno.

Lile onesho nililiandika upya. Zawadi na shangazi yake wako Kivukoni, wanavuka kwenda Kigamboni. Simu inaita, ni kaka yake. Sisi hatumsikii kaka, tunamsikia Zawadi tu. Hivi ndivyo lilivyo sasa:

MILIO 7: Kivukoni, mchana. Injini ya pantoni kwa mbali, abiria, kunguru, upepo wa bahari. Karibu yetu, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Sekunde 5, kisha vyote vishuke chini ya maneno.

ZAWADI: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Pantoni ndiyo hiyo inageuza.

MILIO 8: Mara tu baada ya "inageuza", simu inaita mara mbili. Inakatika anapopokea.

ZAWADI: Haloo, kaka. (Kituo.) Ndiyo, niko naye hapa. (Kituo.) Saa ngapi?

MILIO 9: Mara tu baada ya "ngapi", vikombe vinakoma. Injini, watu na kunguru vinafifia kwa sekunde 2. Unabaki upepo peke yake.

KIMYA 10: Sekunde 4. Upepo tu. Muziki usiingie.

SHANGAZI: Zawadi? (Kituo.) Zawadi, mama?

MUZIKI 11: Zeze peke yake, linaanza baada ya "mama", linapanda taratibu kwa sekunde 3, bila maneno juu yake.

MILIO 12: Sekunde hizo 3 zikiisha, honi ya pantoni, karibu, ndefu. Inakata muziki 11 papo hapo.

Angalia hali inapogeukia. Haigeuki simu inapoita, wala Zawadi anapopokea. Inageuka kwenye "Saa ngapi?", kwa sababu hakuna mtu anayeuliza hivyo kwa sauti ile kama hajaambiwa kwamba mtu amefariki. Hapo ndipo namba 9 inapokaa. Ningeiweka mstari mmoja juu, ningekuwa nimetoa siri. Mstari mmoja chini, msikilizaji angekuwa ameshaelewa na kukoma kwa vikombe kungekuja kumweleza tena. Nikitafuta mahali pa kugeuza hali, huwa nawasomea watu wa nyumbani onesho bila muziki wowote na kuangalia nyuso zao zinabadilika kwenye neno gani. Naliwekea alama neno hilo kwa kalamu.

Yule muuza kahawa na vikombe vyake sikumweka kwa ajili ya pambo. Kimya hakisikiki kama hakuna kitu kilichokoma. Mlio mkali wa karibu, wenye mapigo yanayojirudia, ukikatika ghafla, sikio linashtuka hata kama mtu hajui ameshtushwa na nini. Kwa hiyo kimya cha namba 10 nilianza kukiandaa kwenye namba 7.

Na kimya lazima kiwe na namba yake na muda wake, kama muziki ulivyo. Nilipokuwa naandika "(kimya)" tu kwenye mabano, mwigizaji alihesabu sekunde moja akaendelea, na siku nyingine fundi wa zamu alidhani kuna kosa, akajaza pengo kwa muziki. Sasa naandika sekunde, na naandika wazi kwamba muziki usiingie. Sekunde 4 kwenye karatasi ni neno moja, lakini hewani ni ndefu. Zihesabu kwa saa kabla hujaamua kuziongeza. Vituo vingi vina mtambo unaopiga kengele au kurusha muziki wa akiba sauti ikipotea kwa muda uliopangwa, hivyo ukitaka kimya kirefu kuliko kawaida, waulize mapema wameupanga kwa sekunde ngapi.

Kimya hicho pia kisiwe sifuri. Fundi akikata kila kitu kabisa, hata ile hewa ya chumba inapotea, na anayesikiliza kwa simu ndani ya daladala anadhani mtandao umekatika. Kwa maonesho ya ndani, kabla waigizaji hawajaondoka, waombe wakae bila kusema wala kusogea, mrekodi hewa ya chumba kwa dakika moja. Hapa Dar tunazima kiyoyozi wakati wa kurekodi kwa sababu ya mvumo wake, halafu kila mtu anakimbilia kukiwasha tukimaliza. Rekodi ile dakika kabla hakijawashwa, la sivyo kimya chako kitavuma tofauti na maneno yaliyokitangulia.

Rasimu moja ya onesho hili ilikuwa na stinga baada ya "Saa ngapi?", ule mlio mfupi wa kushtua. Niliitoa. Stinga inamwambia msikilizaji ashtuke sasa. Kimya kinamwacha ashtuke mwenyewe. Ukiviweka viwili mahali pamoja, stinga inakula kimya. Niliibakiza moja tu, mwishoni mwa sehemu hiyo, binamu anapofungua sanduku la vitu vya marehemu. Mwanzoni mstari wake ulikuwa, "Jina lako ndilo limeandikwa kwenye hati ya nyumba." Stinga ikaangukia "nyumba", neno ambalo halishtui mtu. Nikaugeuza: "Hati ya nyumba hii imeandikwa jina lako." Ukitaka stinga ifanye kazi, neno zito liwe la mwisho, vinginevyo rekebisha sentensi kabla hujamsumbua fundi.

STINGA 21: Mara tu baada ya "lako". Pigo moja la marimba, kavu. Mkia ufifie kwa sekunde 2, kisha muziki wa kufunga.

Nimeandika mkia kwa sababu pigo lenyewe ni fupi lakini mwangwi wake unaweza kumlalia anayesema baadaye. Na nimechagua marimba kwa sababu ngoma nzito, inayotikisa spika za studio, kwenye spika ya simu husikika kama mtu amegusa meza. Jaribu stinga yako kwenye simu kabla hujaipenda.

Jambo dogo la karatasi: ukiongeza mlio baada ya mazoezi, uite 9A. Usibadilishe namba zote zinazofuata, maana fundi tayari amezipanga faili zake kwa namba za zamani. Na namba isikatwe na mwisho wa ukurasa. Yangu ya 12 iliwahi kukatwa hivyo, na honi ya pantoni ikalia fundi alipomaliza kufunua karatasi, Zawadi akiwa ameshafika Kigamboni.