Anayehisi amepunjwa hutegea: majibu kwa maswali yenu

Mwenzangu aliyeajiriwa juzi analipwa asilimia 20 zaidi yangu kwa kazi ileile. Tangu nijue, mikono imekuwa mizito. Nimegeuka mvivu?

Hapana, unasawazisha mizani. Mwanasaikolojia John Stacy Adams aliieleza hali yako katika miaka ya 1960: mtu hautazami mshahara wake peke yake, hulinganisha anachopata na anachotoa, kisha hutupia jicho mwenzake. Pande mbili zisipolingana, roho haitulii mpaka kitu kimoja kisogee. Mshahara huna uwezo wa kuusogeza, bidii unao, basi ndiyo inayoshuka. Wengine huomba nyongeza, wengine huacha kazi, na wapo wanaojifariji kwamba yule mgeni lazima ana ujuzi wasiouona. Huenda kweli anao. Kabla ya kununa mwaka mzima, muulize meneja ni kigezo gani kilichotumika kupanga malipo yenu.

Nina watu sita wenye mshahara sawa. Dada aliyekuwa hodari kuliko wote ameanza kutegea. Nimwite nimuonye?

Usimwite bado. Fungua kwanza daftari la kazi. Tuseme majalada ndiyo kipimo chenu, na miezi mitatu iliyopita alikuwa akimaliza 45 kwa wiki huku wenzake wakimaliza 30. Sasa anamaliza 31. Wewe unamlinganisha na jana yake, ndiyo maana unaona anategea. Yeye anajilinganisha na meza ya jirani. Alikuwa akitoa mara moja na nusu kwa mshahara uleule, na sasa amejishusha mwenyewe mpaka pale wenzake walipo. Ukimuonya, unamwambia kwamba wenzake wanaruhusiwa 30 ila yeye haruhusiwi.

Angalia pia ni nani hupewa majalada magumu. Mara nyingi ni yule asiyeyarudisha. Meneja humpa bila nia mbaya, kwa kuwa anamwamini, na hivyo zawadi ya kazi nzuri inakuwa kazi zaidi. Hesabu ya majalada haionyeshi jambo hili, kwa sababu gumu na jepesi yote huandikwa moja. Kaa na timu mkubaliane uzito. Pengine gumu moja ni sawa na mepesi matatu. Rudia hesabu ya wiki nne kwa uzito huo. Ukiona bado yeye ndiye aliyebeba zaidi, una njia mbili za kweli: punguza mzigo kwa kuyagawa magumu kwa zamu, au ongeza anachopata. Si lazima kiwe fedha. Siku ya mapumziko, mafunzo anayoyataka, au kuchagua zamu kabla ya wengine, vyote vina uzito kama yeye mwenyewe anavithamini. Cheti cha mfanyakazi bora huku magumu yakiendelea kutua mezani kwake ni kejeli tu.

Lakini kila mmoja wetu huiona jasho yake vizuri kuliko ya mwenzake. Ikiwa hesabu mpya inaonyesha mzigo uko sawa, mwonyeshe hesabu yenyewe, kisha umuulize anajilinganisha na nani. Huenda hata si mtu wa timu yako.

Fedha za kuongeza hatuna, na mwezi ujao tutakata mshahara. Maelezo matupu yatasaidia nini?

Yanasaidia, ingawa hayatibu yote. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha utafiti wa viwanda vilivyokata mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi. Katika kimoja, mkuu alikaa na wafanyakazi kwa saa moja na nusu, akaonyesha hesabu, akaomba radhi na kujibu maswali. Katika kingine walipewa taarifa ya dakika 15. Wizi wa mali za kiwanda uliongezeka kote kuwili, ila palipoelezwa vizuri haukuongezeka sana kama kule kwingine. Palipoelezwa juujuu, karibu robo ya wafanyakazi waliacha kazi. Mishahara iliporudi, wizi nao ukarudi chini.

Kwa hiyo toa takwimu, sema makato yataisha lini, na wakubwa nao wakatwe. Ukiwakata wa chini peke yao, nyamaza tu, maana hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Nikimlipa mtu kupita stahili yake, si atajituma zaidi?

Kwa muda, huenda. Majaribio ya Adams yaliona hivyo kwa wanaolipwa kwa saa. Waliolipwa kwa kila kipande walifanya vichache, kwa uangalifu zaidi. Tatizo ni kwamba kujiona umepunjwa huchukua muda kusahaulika, ilhali kujiona umezidishiwa hupita upesi: baada ya miezi michache mtu huamini ndiyo thamani yake. Na wenzake wanahesabu.