Asilimia 41 au 22? Soma hapa kabla kikundi hakijapiga kura

Vikundi vingi ninavyovisaidia kuandaa mchanganuo huku Mbarali hupenda kumalizia kwenye mstari mmoja tu: mradi upi una asilimia kubwa? Asilimia yenyewe ni kiwango cha ndani cha marejesho, ile ambayo Excel inaitoa kwa `IRR`. Ni riba ambayo ukiitumia kushusha fedha za miaka ijayo ziwe na thamani ya leo, jumla yake inalingana kabisa na mtaji uliotoa. Kwa kuuliza kama mradi mmoja unalipa, inatosha. Kwa kushindanisha mradi mdogo na mkubwa, inaweza kuwapoteza.

Chukua kikundi kimoja cha karibu na Igurusi (tarakimu nimezizungusha ili hesabu ifuatike). Wana milioni 80 na jengo moja lenye umeme wa njia tatu, kwa hiyo ni ama hiki au kile. Mashine ya kusaga unga inagharimu milioni 8 na kubakiza milioni 4 kwa mwaka baada ya umeme, mwendeshaji na matengenezo. Mashine ya kukoboa mpunga na kupanga madaraja ya mchele ni milioni 80, nayo inabakiza milioni 28. Zote tuzipe miaka mitano, na mwisho wake tusihesabu hata shilingi ya chuma chakavu.

Ya unga inatoa asilimia 41, ya mpunga asilimia 22. Mhazini alifunga daftari. "Mwalimu, hapo kuna mjadala gani tena?"

Mjadala upo, na unahusu milioni 72. Asilimia 41 ni ya milioni 8 tu. Ukichagua mashine ya unga, milioni 72 zinabaki mkononi, na hiyo asilimia haisemi lolote kuhusu zitakakokwenda. Ingekuwa mnaweza kufunga mashine kumi za unga na zote zikapata wateja, ningesema fungeni bila kufikiri mara mbili. Lakini kijiji ni kimoja na debe za mahindi ni zilezile. Mashine ya tatu itagawana wateja na ya kwanza.

Kwa kikundi hiki milioni 72 zingerudi kwenye mfuko wa kukopeshana, ambako fedha yao huzaa asilimia 16 kwa mwaka. Hiyo 16 ndiyo kipimo, maana ndiyo wanayoiacha wakinunua mashine yoyote. Shusha mapato ya miaka mitano yawe thamani ya leo kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kisha toa mtaji. Mashine ya unga inabakiza milioni 5.1 za thamani ya leo. Ya mpunga inabakiza milioni 11.7. Yenye asilimia ndogo inawaacha na zaidi ya maradufu.

Asiyeamini aipime tofauti peke yake. Mashine ya mpunga inadai milioni 72 zaidi na kuleta milioni 24 zaidi kila mwaka. Hiyo tofauti, ukiifanya kama mradi unaojitegemea, ina kiwango cha asilimia 19.9. Kama fedha yenu kwingineko inazaa 16, basi hizo milioni 72 zinafanya kazi nzuri zaidi kwenye mpunga. Mimi hesabu hii ndiyo huwa naiweka mbele ya mkutano, kwa sababu inajibu swali ambalo watu wanabishania kweli.

Kwenye Excel, mtaji ukiwa `B2` kwa alama ya kutoa na mapato yakiwa `B3` hadi `B7`, mstari wa kwanza unatoa asilimia na wa pili unatoa kinachobaki kwa thamani ya leo:

```
=IRR(B2:B7)
=NPV(0.16,B3:B7)+B2
```

Usiingize `B2` ndani ya mabano ya `NPV`. Excel huchukulia kila kilichomo kuwa kinakuja mwisho wa mwaka, hivyo itaushusha mtaji unaoutoa leo kana kwamba utautoa mwakani. Nimeliona kosa hili hata kwenye michanganuo iliyolipiwa.

Sasa msikimbilie kusema mkubwa hushinda daima. Ile 19.9 ndiyo mpaka. Weka asilimia 21 badala ya 16: mashine ya unga inabakiza milioni 3.7, ya mpunga milioni 1.9, na ushindi umehama. Kwa hiyo kama milioni 72 si akiba bali mkopo, anzeni na riba yake, na muiulize kwa mwaka. Mkopeshaji anayesema "asilimia 2 tu kwa mwezi" juu ya salio anawatoza karibu asilimia 27 kwa mwaka, na kwa riba hiyo mashine ya mpunga ni hasara tupu, ilhali ya unga bado inalipa.