Ukimjibu rekruta "tutaongea mbele", umeshakubali

*"Wakuu, rekruta kanitumia meseji ya nafasi nzuri ila kiwango cha mshahara alichotaja kiko chini ya ninacholipwa sasa. Nafikiria nimjibu tu kwamba nina nia, nikishafaulu usaili ndio niombe nyongeza. Mnaonaje? Nimtumie wasifu sasa hivi au nisubiri? Akiuliza ninacholipwa nimwambie? Na akikaa kimya, nimkumbushe baada ya siku ngapi?"*

Mkuu, weka simu chini kwanza. Hiyo "nikishafaulu ndio niombe" ndiyo iliyonimaliza mimi, na nimeisoma hapa nikahisi tumbo linakata.

Kwa hesabu rahisi, tuseme mshahara wangu wa mwezi kabla ya makato ulikuwa 100. Nilikuwa pia na bonasi ya mwisho wa mwaka sawa na mshahara wa mwezi mmoja, ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 8 kila mwezi. Kwa hiyo kuhama kokote kwa chini ya 108 ni hasara. Meseji ikaja: nafasi safi, cheo kinapendeza, kiwango "80 hadi 95 kulingana na uzoefu". Nikajibu kama mstaarabu: asante, nimevutiwa sana, mambo ya malipo tutaongea mbele.

Akanitumia fomu fupi. Swali la tano: "Je, kiwango kilichotajwa kinakufaa? Ndiyo / Hapana". Nikabonyeza Ndiyo. Nikajiambia ni utaratibu tu, nani anasoma fomu. Kumbe inasomwa, tena na kila mtu isipokuwa mimi niliyeijaza.

Usaili ulikuwa wa raundi tano. Nilitumia siku nne za likizo, nikawafanyia na kazi ya majaribio iliyokula wikiendi nzima, nikaiwasilisha mbele ya watu sita wakitikisa vichwa kwa furaha. Mkuu wa idara alinipenda waziwazi. Nikawa naoga huku napanga hotuba ya kuomba 120.

Lakini likizo na wikiendi ni hasara ndogo. Katikati ya raundi hizo, bosi wangu wa wakati ule aliniita akaniuliza kama niko tayari kuongoza timu, maana walikuwa wanapanga upya mishahara. Mimi, ambaye kichwani nilishahama, nikamwambia nipe muda nifikirie. Nikafikiria wiki tatu. Akampa mwenzangu ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kazi. Nikawa naripoti kwake, anaandika barua pepe zenye alama tatu za mshangao. Namsalimia kama yuko humu.

Ofa ikaja: 90. Hata ile 95 hawakuifikia! Nilipouliza, nikaambiwa hawapendi kumwingiza mtu akiwa juu kabisa ya kiwango kwa sababu atakosa pa kupandia. Nikatoa hotuba yangu ya 120. Rekruta hakubishana. Alinitumia skrinishoti ya fomu, swali la tano, na Ndiyo yangu imezungushiwa mstari mwekundu. Sijawahi kuchukia duara kiasi kile.

Mkuu wa idara alinipigia baadaye, na maneno yake ndiyo yaliyonifungua macho. Alisema: "Mimi ningekulipa. Lakini nafasi ilipitishwa na bajeti yake kwa daraja hili. Kuibadilisha sasa ni kuomba kibali upya, na nitaambiwa mgombea alishakubali kiwango. Ungesema siku ya kwanza, ningeomba ifunguliwe kwa daraja la juu, au nisingekupotezea muda."

Hapo ndipo penye siri, mkuu. Anayekusaili na kukupenda kwa kawaida siye anayepanga kiwango. Kiwango kinafuata daraja la nafasi, na daraja linapitishwa kabla hujatumiwa meseji. Ukiwa ndani ya daraja, kupanda ni hatua ndogo ndogo. Kinachosogeza pesa ya maana ni kubadilisha daraja lenyewe, na hilo linawezekana mapema, kabla hawajajipanga kichwani kwamba wewe ni mtu wa 90.

Na kama rekruta ni wa wakala wa nje, jua kwamba mara nyingi analipwa asilimia ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza. Watu husema "basi atakupigania upate zaidi". Wapi! Ukiongezewa kidogo, kwake ni chenji. Ukikataa ofa, anakosa yote. Anachotaka ni usaini. Simlaumu, ni kazi yake.

Ninayemlaumu ni yule mshauri wa kazi wa kwenye video, na mwanga wake wa duara machoni, aliyenikaririsha kwamba "anayetaja namba kwanza ameshindwa". Nilimwamini kama daktari. Mwanangu, WAO ndio walishataja namba! 80 hadi 95, imeandikwa kwenye meseji. Kanuni ya kukaa kimya labda ina maana pale ambapo hakuna namba mezani. Namba ikishawekwa, ukimya wako unasomeka kama kukubali. Hilo hakulisema. Alikuwa na haraka ya kuuza kozi.

Kwa hiyo namba yako iende kwenye jibu la kwanza kabisa. Piga hesabu kama yangu: mshahara, jumlisha kila unachopoteza ukiondoka, halafu ongeza kile kitakachofanya usumbufu wa kuhama uwe na maana. Hicho ndicho kiwango chako cha chini. Ninacholipwa sasa huwa sisemi, nasema ninachohitaji tu. Jibu langu siku hizi ni hili:

> Habari, asante kwa kunitafuta. Nafasi inanivutia, hasa majukumu ya kusimamia mradi mzima. Kwa kiwango ulichotaja sitaweza kuhama. Naanzia 120 kwa mwezi kabla ya makato, bila kuhesabu bonasi. Je, nafasi hii inaweza kufunguliwa kwa daraja la juu? Kama haiwezekani, nitafurahi unikumbuke ikitokea inayofikia hapo.

Angalia, hakuna samahani, na hakuna "niko tayari kujadiliana". Nilikuwa naliweka hilo la pili kwa adabu. Wanalisoma kama "piga chini kidogo". Na ukipelekewa fomu yenye Ndiyo na Hapana, bonyeza Hapana, hata kidole kikitetemeka.

Pengo likiwa dogo, tuseme mwisho wa juu wa kiwango chao ni 115 na wewe unataka 120, endelea, hilo linazibika, ila namba yako iwe imeandikwa. Pengo kama lile langu halizibiki kwa tabasamu la raundi ya tano.

Mara ya kwanza kutuma jibu hilo, rekruta alisema asante, bajeti hairuhusu. Dakika nne, tumemaliza, likizo yangu salama. Wa pili alinyamaza kabisa. Wa tatu alirudi baada ya wiki mbili: nafasi ileile, imeandikwa "mwandamizi", kiwango 115 hadi 135. Niliingia kwa 124.

Umeshamjibu au bado? Kama bado, ibandike hapa tuione kabla hujabonyeza tuma.