Ukikuta mashine ya eksirei inatumia Windows XP, usikimbilie kupiga Windows mpya

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa vifaa tiba hapa Mwanza, hamtamaliza muda mrefu kabla ya kukuta chumba cha eksirei chenye kompyuta ya Windows XP. Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, na mkono utawawasha kuibadilisha. Kwanza fungueni kasha.

Ndani mtaona kadi iliyochomekwa kwenye PCI, waya wake unakwenda moja kwa moja kwenye kisomaji cha picha. Kadi hiyo huelewana na Windows kupitia draiva iliyoandikwa kwa ajili ya XP ya biti 32, na Windows ya biti 64 haiipokei kabisa. Mtengenezaji akishaacha kuuza modeli hiyo, haandiki draiva nyingine. Kuna mahali fundi alipiga Windows 10. Kompyuta ikawaka vizuri, mtandao ukashika, ila kwenye Device Manager kadi ikatokea na alama ya njano, na programu ya picha ikagoma. CD ya programu ilishapotea. Wagonjwa wakaanza kupelekwa kwingine kupigwa picha.

Halafu kuna suala la kibali. Mtengenezaji alipima mashine na programu yake kama kitu kimoja, kwa hiyo hata kiraka cha usalama kinasubiri yeye akijaribu kwanza. Ukibadilisha mwenyewe, hakuna aliyethibitisha kwamba vipimo anavyosoma daktari kwenye picha bado ni sahihi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko dhamana kufa.

Basi iacheni XP, lakini itengeni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali nyingi Uingereza, kikisambaa kupitia port 445 ya kushirikishana mafaili. Fungeni port hiyo, ondoeni intaneti, ruhusuni njia moja tu ya kwenda kwenye seva ya picha, ambayo mara nyingi ni port 104. Flashi za watu zisichomekwe hapo.

Kazi kubwa zaidi ni nakala ya diski, maana diski hizo zimezeeka. Zimeni mashine, chomoeni diski, iunganisheni kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya IDE, kisha nakilini diski nzima kwa Clonezilla. Kunakili mafolda peke yake hakusaidii, kwa sababu Windows haitawaka kutokana nayo. Diski ya akiba isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kidogo, la sivyo Clonezilla itakataa kurudisha.

Mkishairudisha nakala, ifungeni diski ya akiba kwenye mashine na mpige picha ya majaribio bila mgonjwa. Baadhi ya programu hufunga leseni kwenye namba ya diski, hivyo Windows itawaka lakini programu itadai leseni. Afadhali mgundue hilo sasa, diski ya zamani ikiwa bado nzima na mnaweza kuirudisha mahali pake.