Dola kwa 4% au shilingi kwa 11%?

*"Wakuu, kikundi chetu cha parachichi huku Rungwe kina dola 20,000. Benki inatoa 4% kwa mwaka tukiziacha kama dola, na 11% tukizibadili tukaweka fiksidi ya shilingi. Mweka hazina anasema hiyo 7% ya juu ni ya bure. Ni kweli?"*

Si ya bure, mkuu. Nimeshika vitabu vya vikundi vya kahawa huku Mbozi kwa misimu mingi, na mabishano haya huzuka kila fedha za mauzo zinapoingia. Njia ninayoiamini ni kuacha kwanza kulinganisha riba, mkatafuta bei ya dola ambayo ikifika baada ya mwaka, njia zote mbili zinatoka sawa.

Chukulia leo benki inanunua dola kwa 2,480 na kuiuza kwa 2,530. Mkibadili mnapata shilingi 49,600,000. Riba ya mwaka ni 5,456,000, ikikatwa kodi ya zuio ya 10% mnabaki na 4,910,400, jumla 54,510,400. Mkiacha dola, riba ni 800, kodi 80, mnamaliza na dola 20,720. Gawanya 54,510,400 kwa 20,720: inatoka kama 2,631.

Sasa jiulizeni mwakani fedha hizi zitalipia nini. Kama ni vibarua, usafiri na mgao wa wanachama, mngeuza dola zenu kwa benki, kwa hiyo shilingi inashinda mradi bei ya kununulia isipite 2,631. Hapo mna nafasi ya 6% hivi kutoka 2,480. Lakini kama kuna ankara ya dola, mtazinunua upya kwa bei ya kuuzia, na kutoka 2,530 hadi 2,631 ni 4% tu. Karibu nusu ya ile 7% imeshaliwa na kodi na pengo la bei za benki kabla shilingi haijayumba hata kidogo.

Nadharia ya usawa wa riba usio na kinga inasema pengo la riba kati ya sarafu mbili ni sawa na kiasi ambacho soko linategemea sarafu yenye riba kubwa ishuke. Haina kinga kwa sababu hamjafunga na benki bei ya kubadilishia ya mwakani. Kwa riba zenu, 1.11 ukigawa kwa 1.04 unapata 1.067, yaani dola ingetegemewa kupanda karibu 6.7%. Kama matarajio hayo ni sahihi, mnatoka sare, na gharama nilizotaja zinawaacha chini.

Ila ukilinganisha na mfumuko wa bei, picha inabadilika. Kwa kawaida nchi ambayo bei zake zinapanda haraka zaidi ndiyo sarafu yake hushuka, kwa kiasi cha tofauti hiyo. Mwaka 2024 mfumuko wetu ulikuwa kama 3%, na wa Marekani vilevile. Kwa kipimo hicho shilingi haikuwa na sababu ya kushuka 6.7%. Basi pengo la riba limebeba kitu kingine: malipo ya hofu. Mwenye dola anataka alipwe ndipo akubali kubeba hatari ya shilingi. Malipo hayo ni halali, lakini ni ujira wa hatari, na hatari hiyo huja kweli.

Angalieni ilivyokuwa. Mwaka 2023 dola ilipanda kutoka kama 2,330 hadi karibu 2,500, ikameza sehemu kubwa ya riba ya aliyebadili mwanzoni mwa mwaka. Mwaka uliofuata ilizunguka 2,700, kisha Desemba ikashuka hadi karibu 2,400, na aliyekuwa na shilingi akapata riba na bei juu yake. Mchumi Eugene Fama alionyesha mwaka 1984 kwamba mara nyingi sarafu zenye riba kubwa hazishuki kama pengo linavyotabiri. Kwa hiyo pengo la riba ni kipimo kibovu cha kutabiri dola ya mwakani, hasa kwa muda mfupi.

Msidanganywe na utulivu pia. Wafanyabiashara wa Kasumulu, mpakani na Malawi, wanaikumbuka Novemba 2023: Malawi, yenye mfumuko na riba kubwa, ilisogeza dola kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa mkupuo. Kabla ya siku hiyo, riba ya kwacha ilionekana kama faida tupu.

Kwenu ningeandika ankara zote za miezi 12 kwa sarafu yake. Dola za kulipia vitu vya dola zibaki dola, hata kwa 4%. Zinazobaki zibadilini, lakini vunjeni fiksidi iwe ya miezi mitatu, sita na 12, kila moja iive karibu na tarehe ya malipo yake. Na kabla ya kusaini, ombeni benki iandike bei ya kununulia na ya kuuzia kwa kiasi chenu, kwa sababu kwa dola 20,000 bei ya ubaoni huwa inajadilika.