Oda zinafungwa saa mbili usiku: hesabu inayoanzia jikoni kwa mteja

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniandikia saa tatu na nusu usiku: "Dada, najua umeshafunga, ila niongezee mafungu mawili tu ya chainizi." Mafungu mawili ni kitu kidogo, na udogo huo ndio unaofanya kukataa kuwe kugumu. Nakataa hivyohivyo, kwa upole, na kumwandikia kwamba oda yake imeingia kwenye mzigo wa Jumanne.

Nalima Igawilo, eneo si kubwa: chainizi, spinachi, sukumawiki, karoti kidogo, na njegere zikifika msimu wake. Wateja wangu wako mjini Mbeya na tunaagizana kwa WhatsApp. Napeleka Jumanne na Ijumaa tu. Wakulima wadogo wengi wanaoanza kuuza kwa simu huniuliza jinsi ya kupiga picha nzuri au kupanga bei, ilhali mzigo wao unaharibikia kwenye saa. Saa ya kufunga oda hupatikana kwa kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, kuanzia mboga inapotakiwa jikoni.

Tuchukue mzigo wa Ijumaa. Mteja wangu wa mwisho yuko Mafiati na anataka mboga ifike kabla hajaanza kupika chakula cha mchana, yaani saa nne asubuhi. Bodaboda akitoka kwangu anashusha Sae, Mama John na Kabwe kabla ya kumfikia huyo, na barabara ya TANZAM ina malori yasiyoisha. Nampa saa moja na nusu, kwa hiyo aondoke saa mbili na nusu. Kupanga mafungu na kuandika majina kunachukua dakika arobaini na tano. Kuvuna kwa watu wawili ni kama saa moja na nusu. Ukirudi nyuma hivyo unafika saa kumi na mbili na robo alfajiri, tena tayari tuko shambani na visu mkononi, hatuulizani nani ameagiza nini.

Maana yake orodha lazima ikamilike usiku wa Alhamisi. Kijana anayenisaidia kuvuna hulala mapema, na nikimpigia saa nne usiku kumwambia aje na mwenzake, simu inaita tu. Oda zikifungwa saa mbili, napata muda wa kuangalia nani amelipa, kujumlisha mafungu ya kila aina, kumpigia kijana, na kumthibitishia bodaboda. Wewe unaweza kufunga saa moja au saa tatu. Inategemea una mikono mingapi na mteja wa mbali yuko wapi, lakini usichukue saa ya mwenzako bila kupiga hesabu yako.

Mtu atasema: si uvune jioni, asubuhi iwe kupeleka tu? Karoti navuna mchana wa kuamkia siku ya kupeleka na haziniletei shida. Majani ni habari nyingine. Usiku mmea unavuta maji bila jua kuyakausha, kwa hiyo alfajiri jani limeshiba na lina ubaridi. Ukilikata saa nane mchana limeshapungua maji na limebeba joto la jua. Jani lililokatwa bado linapumua, na kupumua huko nako kunatoa joto. Likiwa peke yake joto linatoka. Likibanwa katikati ya mzigo linabaki humohumo, jani linazidi kupumua, na linachakaa haraka zaidi.

Ubaridi wa Mbeya unadanganya sana hapo. Hewa ya nje inakufanya uvae sweta, ukadhani mzigo nao uko salama. Ingiza mkono katikati ya kreti. Ukikuta ndani kuna joto kuliko nje, mzigo umeanza kujipika, hata kama majani ya juu yanang'aa. Yatoe, yatandaze kivulini kwenye gunia safi, yapoe, ndipo uyapange upya bila kuyashindilia. Mboga ya namna hiyo ukiipeleka hivyohivyo, mteja ataipokea ikiwa nzuri na kuikuta ya njano kesho yake, na hatakuambia. Ataacha tu kuagiza.

Maji nayo yana kipimo. Kuna wanaotumbukiza mafungu kwenye ndoo ili yaonekane mabichi, kisha wanayafunga yakiwa yanachuruzika. Jani lililolowa na kukosa hewa linateleza na kutoa harufu, wala halisubiri siku mbili. Mimi nakung'uta umande, nasimamisha mafungu kwenye kreti vikonyo vikiangalia chini, na kufunika juu kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019 tunatumia mifuko mbadala, nayo kwa majani ni afadhali kwa sababu inapitisha hewa. Fungu la mteja wa mwisho linaingia kwenye kreti kwanza, ili bodaboda asifukue mzigo mzima kila anaposimama.

Njegere ndizo zilizonilazimisha kuwa na utaratibu wa pembeni. Wateja wa mjini wanazitaka zimemenywa, na kumenya kilo tano si kazi ya asubuhi moja pamoja na kuvuna majani. Tena njegere ikishachumwa utamu wake unaanza kupungua, na ikitolewa kwenye ganda ndiyo hasa inakauka. Nilifikiria kuweka nyakati mbili tofauti za kufunga oda, mmoja wa njegere na mmoja wa mboga nyingine, nikaona watu watachanganyikiwa. Ninachofanya ni kutangaza kiasi: "Njegere za kumenywa kilo tano, anayewahi." Zikiisha, zimeisha. Anayekubali zenye maganda anaagiza mpaka saa mbili kama wengine, na kusema kweli huyo ndiye anayekula njegere tamu.

Malipo nayo yanaingia kabla ya kufunga. Karoti isiyochukuliwa naweza kumuuzia mtu mwingine kesho. Chainizi iliyokatwa kwa ajili yako, ukiniambia saa tatu asubuhi kwamba umesafiri, nitaishia kuwapa ng'ombe wa jirani. Kwa mteja wa siku nyingi nalegeza, kwa mgeni silegezi.

Nakata mafungu machache ya ziada kila mara, na wanaochelewa kuagiza wakijua hilo huwa wanayakodolea macho. Hayo ni ya kufidia fungu lililoliwa na wadudu au lililovunjika njiani. Ukimuuzia aliyechelewa, siku fungu la aliyewahi likiharibika huna cha kumpa, na yeye ndiye aliyefuata utaratibu.

Ratiba hii ya asubuhi inasogea mwezi Juni na Julai. Huku kwetu magharibi kidogo ya nchi jua la Juni linachomoza karibu saa moja, na kuvuna saa kumi na mbili na robo ni kuvuna gizani: unakata jani bovu pamoja na zima, na vidole vimekufa ganzi. Msimu huo tunaanza saa moja kasoro, bodaboda anaondoka saa tatu na dakika kumi hivi, na mteja wa Mafiati anapokea saa tano kasoro. Saa ya kufunga oda siigusi, inabaki saa mbili usiku. Tangazo la muda mpya wa kupokea nalituma wiki moja kabla, kwa kila mteja peke yake, kwa sababu la jumla hawalisomi.